Kusomeana Hadithi Darasani: Maswali Ambayo Walimu na Wazazi Huniuliza Kila Mara

Nafundisha Kiswahili Darasa la Sita katika shule moja ya msingi upande wa Temeke. Kila tunapofika kwenye kuandika hadithi, watoto wangu husomeana rasimu na kuandikiana mrejesho kabla mimi sijagusa daftari hata moja. Walimu wenzangu huuliza, wazazi huuliza zaidi. Nimekusanya hapa maswali yanayojirudia, na nimejibu kama ninavyojibu tukiwa ofisini mwa walimu.

Kwani mtoto anawezaje kumsahihisha mtoto mwenzake?

Hamsahihishi. Hapo ndipo wazazi wengi wanaponikasirikia, nami nawaelewa. Mama mmoja alinifuata getini akaniambia, "Mwalimu, mwanangu namleta afundishwe na wewe, si na mtoto wa jirani yangu." Nikamwambia, mama, kusahihisha bado ni kazi yangu, na kalamu nyekundu iko mezani kwangu. Mtoto wa jirani yako anafanya kitu ambacho mimi siwezi tena kukifanya vizuri: anasoma kama msomaji. Mimi nimesoma hadithi za "siku niliyopotea" mara nyingi mno kiasi kwamba najua mwisho kabla sijageuza ukurasa. Mtoto wa miaka 12 bado anashtuka, bado anacheka, bado anauliza "halafu ikawaje?" Hicho ndicho tunachomwomba aandike: wapi alishtuka, wapi alicheka, wapi hakuelewa.

Kuna ubaya gani wa kumwandikia mwenzako "Nzuri sana, hongera"?

Hakuna ubaya, ila hakuna kazi pia. Aliyeandika hadithi akisoma maneno hayo anafurahi, anafunga daftari, na rasimu ya pili inakuwa ya kwanza iliyonakiliwa kwa mwandiko mzuri zaidi.

Kibaya zaidi ni ndugu yake: "Nzuri lakini fupi. Ongeza." Neno "ongeza" limewapoteza wanafunzi wengi. Nitaeleza kwa mfano hapo chini kwa sababu niliona kwa macho yangu.

Tuonyeshe mfano mmoja mzima, tangu rasimu ya kwanza hadi ya pili.

Mvulana mmoja aliandika hadithi aliyoiita "Siku Niliyopotea Kariakoo". Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi, nzima:

"Siku moja mimi na mama tulienda Kariakoo kununua sare. Kulikuwa na watu wengi sana. Halafu nikapotea. Niliogopa sana. Halafu mama akanipata. Tukarudi nyumbani tukala wali. Nilifurahi sana."

Msomaji wake wa kwanza aliandika ile ile: "Nzuri lakini fupi, ongeza." Kijana akatii. Akaongeza pale palipokuwa rahisi kuongeza, yaani kwenye chakula. Wali ukapata maharage, maharage yakapata mchicha, mchicha ukapata nazi, na baada ya kula wakanywa soda. Hadithi ikawa ndefu mara mbili, na mtoto aliyepotea bado tulikuwa hatujamwona. Simlaumu. Aliambiwa aongeze, akaongeza.

Wiki iliyofuata nikampa daftari msichana wa dawati la nyuma yake, nikamwambia asiandike lolote kuhusu urefu. Alikaa nayo kidogo, akaandika sentensi tatu:

"Uliposema 'halafu nikapotea' nilishtuka, maana mstari wa juu ulikuwa na mama yako. Ningependa kujua mliachanaje. Ulikuwa umemshika mkono au ulikuwa unaangalia kitu?"

Yule kijana alisoma, akageuka nyuma, akasema kwa sauti, "Nilikuwa naangalia raba." Darasa likacheka, naye akaanza kuandika. Rasimu iliyofuata ilikuwa na kipande hiki:

"Mama alikuwa anaomba apunguziwe bei ya kaptura. Mimi nilikuwa nimeshika kanga yake. Chini niliona raba zinazowaka taa kisiginoni. Niliachia kanga nikachuchumaa. Nilipoinuka nikashika kanga tena, tukatembea mpaka kwenye maduka ya vitambaa. Nikasema mama nina kiu. Yule mama akageuka. Hakuwa mama."

Hakuna mtu aliyemfundisha kuandika "hakuwa mama". Alikuwa nayo kichwani tangu mwanzo, ila hakujua kwamba sisi tunaitaka. Kitu kilichoitoa ni swali lililoelekezwa kwenye maneno mawili tu ya hadithi yake. Na wali, maharage na mchicha vyote aliviondoa mwenyewe bila kuambiwa.

Basi sentensi nzuri ya mrejesho inajengwaje?

Ukiitazama ile ya msichana utaona vitu vitatu vimefuatana. Kwanza ametaja mahali, tena kwa maneno yenyewe ya mwandishi, ndani ya alama za kunukuu. Pili amesema kilichomtokea yeye alipofika hapo: alishtuka. Hakusema hadithi ina kosa. Tatu ameuliza swali ambalo mwandishi peke yake ndiye mwenye jibu.

Hili la kunukuu nalishikilia kuliko yote. Mtoto akilazimika kunakili maneno ya mwenzake kabla ya kusema lolote, hawezi kuandika "nzuri sana" kwa sababu lazima achague ni nini kilicho kizuri. Ukitaka kujua kama sentensi ni mahususi, ibandike kwenye daftari la mtoto mwingine. Kama inakaa vizuri kwenye hadithi ya fisi na kwenye hadithi ya kivuko cha Kigamboni, haisemi kitu kuhusu hadithi yoyote kati ya hizo.

Mwanzoni watoto wanahitaji pa kushikia. Naandika ubaoni mianzo hii minne na kuiacha hapo muhula mzima:

- Uliposema "…", niliona (au nilisikia, nilihisi) …
- Hapa "…" nilisimama kidogo, kwa sababu …
- Ningependa kujua …
- Ingekuwaje kama …?

Wa mwisho nauachia wale waliozoea, maana mtoto ambaye hajazoea huutumia kumwandikia mwenzake hadithi nyingine kabisa. "Ingekuwaje kama angekuwa na bunduki?" Nimekutana nayo zaidi ya mara moja.

Na neno "lakini"?

Nimelipiga marufuku kwenye karatasi za mrejesho. Mtoto akisikia "mwanzo wako umenifurahisha lakini", sifa yote imeshafutika, anasubiri kipigo. Weka nukta, anza sentensi mpya. Maana haipotei, na uso wa mwandishi haubadiliki.

Ukisisitiza upole, huwafundishi watoto kudanganyana?

Swali zuri, na jibu langu ni kwamba upole na sukari ni vitu viwili. Ron Berger, mwalimu wa Marekani aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi huko Massachusetts, amejulikana kwa masharti matatu ya mrejesho: uwe wa upole, uwe mahususi, uwe na msaada. Watu hushika la kwanza wakasahau mawili yaliyobaki, ndipo darasa linapojaa hongera.

Chukua ule mwisho ambao kila mwalimu wa Kiswahili anaujua: "Nikashtuka, kumbe ilikuwa ndoto." Mtoto mkali ataandika, "Mwisho wako wa kizembe." Mtoto mwoga ataandika, "Mwisho mzuri." Wote wawili hawajasaidia, na wa pili kadanganya. Hii hapa ni ya upole na ya kweli:

"Uliposema 'kumbe ilikuwa ndoto' nilisikitika, maana nilikuwa nimeshaanza kumwogopa yule fisi. Ingekuwaje kama fisi angekuwa wa kweli?"

Mwandishi ameambiwa wazi kwamba mwisho umeangusha hadithi. Hajaambiwa kwamba yeye ni mzembe. Angalia pia kwamba ukali unajificha kwenye maneno madogo: "mbona hujaandika…", "yaani hata…", "ulitakiwa…". Hapa Dar watoto wetu wanajua kuzodoana tangu wakiwa wadogo, wanafanya kwenye daladala, wanafanya bombani, na wakati mwingine ni utani tu. Kwenye karatasi utani hauna sauti wala uso. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: zungumzia hadithi na zungumzia ulichohisi, usimzungumzie aliyeandika.

Orodha hakiki iwe na vitu vingapi?

Vitano. Niliwahi kutengeneza yenye vitu 20, nikaitolea kopi kwa hela yangu, nikaona nimefanya kazi. Watoto walimaliza kwa dakika tatu: vema, vema, vema, mpaka chini. Mmoja aliweka vema kwenye "hadithi ina mazungumzo", nikafungua daftari, hapakuwa na mtu aliyefungua mdomo tangu mwanzo hadi mwisho. Kosa lilikuwa langu. Kisanduku cha kuweka vema kinaomba vema.

Sasa orodha yangu haina kisanduku hata kimoja. Kila swali linamlazimisha msomaji aguse daftari kwa penseli au aandike neno:

1. Hadithi inamhusu nani, na anataka nini? Andika kwa maneno yasiyozidi matano.
2. Tatizo linaanza wapi? Andika herufi T pembeni ya mstari huo.
3. Wapi uliona, ulisikia au ulinusa kitu? Pigia mstari.
4. Wapi ulipotea, au ulitaka kujua zaidi? Weka alama ya kuuliza.
5. Tatizo linaishaje, na nani analimaliza?

Uzuri wake ni kwamba nafasi iliyo tupu inasema. Kwenye ile hadithi ya Kariakoo, namba tatu haikupata mstari hata mmoja, na namba tano ilijibiwa "mama", ilhali hatujui mama alifanya nini. Msomaji akishamaliza orodha, sentensi zake za mrejesho ameshazipata: moja itoke kwenye mstari alioupigia, moja itoke kwenye alama ya kuuliza. Mbili zinatosha. Nikiruhusu tano, mwandishi anashindwa aanze wapi.

Penseli, si kalamu. Daftari ni la mwenyewe.

Makosa ya tahajia je? Mtoto akiona "alafu" anyamaze?

Kwenye rasimu ya kwanza anyamaze, ndiyo. Najua inauma. Nikisoma "alafu" na "ilo" mkono wangu wenyewe unawasha. Tatizo ni kwamba tahajia ndiyo kosa rahisi kuliona, na mtoto akishapewa ruhusa ya kulitafuta hatatafuta kingine. Atazungushia "alafu" saba na kurudisha daftari akijisikia mwalimu. Halafu mwandishi atasahihisha neno kwenye aya ambayo pengine ataifuta yote kesho.

Kuna ruhusa moja: kosa likibadilisha maana, msomaji aweke alama ya kuuliza kama sehemu nyingine yoyote aliyopotea. Wako watoto ambao kwa kuogopa kuangusha H huiweka hata pasipostahili, wakaandika "haliniambia" wakikusudia "aliniambia". Sasa huyo mtu alisema au hakusema? Hilo si suala la tahajia tena, ni suala la hadithi.

Tahajia, herufi kubwa na alama za mazungumzo tunazishughulikia kwenye rasimu ya mwisho, siku nyingine, kwa orodha nyingine.

Darasa langu lina watoto zaidi ya 80. Inawezekana kweli?

Inawezekana, na madawati yetu yanasaidia. Watoto wakikaa watatu kwa dawati, daftari likizunguka mara mbili kila mmoja anapata wasomaji wawili bila mtu kusimama. Mimi hupendelea dawati zima libadilishane na dawati la nyuma, kwa sababu wanaokaa pamoja ni marafiki, na rafiki hutaka kufurahisha. Ila usizungushe darasa zima. Kelele zitakushinda, na ukifika mchana chini ya bati la Dar hakuna atakayekusikia.

Kipindi cha dakika 40 nakigawa hivi. Dakika 10 za kwanza kila mwandishi anamsomea msomaji wake hadithi kwa sauti ya chini, wakipokezana. Dakika 10 zinazofuata ni za kimya, msomaji ana penseli na orodha. Kisha dakika 10 za kuandika sentensi mbili. Zinazobaki ni za kurudisha daftari na mwandishi kuchagua atakachofanyia kazi. Rasimu ya pili iandikwe siku inayofuata, si siku hiyo hiyo.

Kopi si lazima. Orodha andika ubaoni, sentensi mbili ziandikwe kwenye nusu karatasi.

Kwa nini asome kwa sauti kwanza?

Kwa sababu mwandiko wa wengine hausomeki, na kwa sababu wapo watoto wanaosoma kwa shida. Nisipofanya hivyo, msomaji dhaifu atatumia muda wote kutambua herufi na hatakuwa na la kusema. Pia mwandishi akijisikia mwenyewe hugundua "halafu… halafu… halafu" kabla ya mtu kumwambia. Nimeona wengi wakisimama katikati na kufuta.

Mwandishi akipewa mrejesho anatakiwa afanye nini?

Anyamaze kwanza, kisha aseme asante. Asijitetee. Akianza kueleza "hapo nilikuwa namaanisha…", maelezo hayo matamu yanaishia hewani, na daftari linabaki vilevile. Nikimsikia mtu anaeleza, namwambia, "Hayo hayo unayosema, yaandike."

Baada ya hapo anazungushia sentensi moja kati ya alizopewa, ile atakayoifanyia kazi. Ana haki ya kukataa nyingine. Hili watoto hawaliamini mwanzoni, wanadhani kila kilichoandikwa ni amri. Msichana mmoja aliambiwa na wenzake wawili ampe jina yule bibi kizee wa hadithi yake. Akakataa. Nikamuuliza sababu, akasema, "Mwalimu, mtaani kwetu hakuna anayejua jina lake, ndiyo maana wanamwogopa." Nikamwambia aongeze sentensi hiyo hiyo, jina aliache.

Nitajuaje kama zoezi limefanya kazi au tumepoteza kipindi?

Weka rasimu mbili pamoja na ile nusu karatasi katikati. Tafuta mahali palipobadilika, kisha uliza: je, ni pale msomaji aliponukuu? Kama ndiyo, mrejesho umefika. Ikiwa kilichobadilika ni mwandiko na rangi ya wino tu, rudi kwenye sentensi za msomaji. Mara nyingi utakuta hazikunukuu kitu.

Dalili nyingine ni sentensi zinazofanana darasa zima. Nikikuta madawati matatu yameandika "Ningependa kujua zaidi kuhusu mama", najua wamenakiliana, au mfano niliotoa ubaoni ulikuwa wa mama. Kwa hiyo mfano wa ubaoni nautoa kwenye hadithi niliyoandika mimi mwenyewe, na ninaiandika vibaya makusudi. Wanapenda sana kunipa mrejesho.

Hadithi ikiwa na jambo zito, kama mtoto kupigwa au kuguswa vibaya, msomaji aandike nini?

Asiandike chochote. Tangu siku ya kwanza nawaambia: ukisoma kitu kinachokuogopesha kwa ajili ya mwenzako, funga daftari, mletee mwalimu, usimsimulie mtu. Hata kama inasemekana ni hadithi ya kutunga. Mimi nitazungumza na mwandishi faragha, na ikibidi nimshirikishe mwalimu wa malezi. Hapo hatuzungumzii uandishi tena, na orodha hakiki haihusiki. Kwa sababu hiyo pia, kabla ya kubadilishana daftari, namruhusu mtoto yeyote aseme "yangu asome mwalimu tu", bila kuulizwa kwa nini.

Zile nusu karatasi zihifadhiwe wapi?

Zibanwe kwa pini nyuma ya rasimu ya kwanza, ndani ya daftari la mwandishi. Jina la msomaji liwepo. Bila jina, baadhi huandika mambo ambayo wasingethubutu kuyasema ana kwa ana, na pia mwandishi hana wa kumfuata akitaka kuuliza, "Ulisema hapa ulisimama. Ulisimama neno lipi?"